Ekari Moja ya Karanga

Kusahihisha jibu la mtu mwingine hakuna shida. Kazi ipo kwenye kusahihisha jibu lako mwenyewe, uliloliandika jana kwa jasho, na kujinyima alama unazostahili kunyimwa. Nimewaona mawakili wenye miaka kumi kazini wasioweza kuisoma hati yao wenyewe na kuona palipotoboka. Mpwa wangu wa Chunya anaweza, na bado hajamaliza shahada. Yuko mwaka wa tatu wa sheria kwenye chuo kimoja cha Mbeya. Likizo hii nilipopita nyumbani kwao alinionyesha daftari lake la mazoezi, na tangu hapo nimekuwa nikilifikiria kuliko kesi zangu.

Wanafunzi wa sheria hupewa mkasa: kisa cha kubuni, nusu ukurasa hivi, kimejaa watu, tarehe, fedha na ugomvi, na mwishoni neno moja, "Washauri." Mtihani haukuulizi sheria inasema nini. Unataka uone mwenyewe mna hoja ngapi za kisheria humo ndani, utaje sheria inayohusu kila hoja, uilinganishe na yaliyotokea, kisha useme nani ana haki gani. Anayesahihisha anao mwongozo unaoonyesha hoja zote na alama za kila moja. Baada ya mtihani wa mwisho karatasi hairudi mikononi mwako. Unapata herufi tu, na herufi haikuambii ulipokosea.

Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya mitihani ya sheria. Katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ya Dar es Salaam ambayo kila anayetaka uwakili hupitia, wanafunzi 633 walifanya mtihani. Waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu waligawana lawama: wengine vyuo, wengine taasisi, wengine wanafunzi wenyewe. Mpwa wangu hakuingia kwenye mabishano hayo. Yeye na wenzake wawili, mmoja anasoma Iringa, walianza kutungiana mikasa. Anayetunga huandika na mwongozo wake, akaupiga picha na kuutuma kwa Wasapu kama faili tofauti, na masharti ni kwamba faili la mwongozo halifunguliwi siku ya kuandika.

Mkasa alionionyesha ulitungwa na yule wa Iringa, lakini kwa heshima ya mwenzake aliuweka Chunya. Ni huu.

Mwaka 2015 mzee mmoja wa kijiji wilayani Chunya alimuuzia mfanyabiashara wa Mbeya mjini shamba lake la ekari tano kwa shilingi milioni 8. Nyumba ya familia iko kando ya shamba, na haikuuzwa. Ekari nne zilikuwa za tumbaku. Ya tano mzee alimkatia mkewe tangu walipooana, mama akawa analima karanga zake, na hakuna mwingine aliyewahi kutia jembe humo. Siku ya mauzo mke alikuwa Iringa akimuuguza mama yake. Waliandikiana mbele ya mashahidi wawili na mwenyekiti wa kitongoji, aliyegonga mhuri. Halmashauri ya kijiji haikukaa. Mnunuzi alilipa milioni 6, akaahidi kumaliza mbili kabla ya mwaka kuisha, asimalize. Mwaka 2023 dhahabu ikaonekana shambani. Mnunuzi akaleta vijana, wakafungua duara mita 60 kutoka kwenye nyumba. Ni mwaka 2024, mume na mke wamekuja ofisini kwako. Washauri. Alama 20.

Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa dakika 36 kwa swali kama hili. Alijipa dakika 36, simu ikazimwa, akaandika kurasa nne kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho atakachoandikia chuoni. Sentensi nitakazozitoa hapa nimezigeuza kwa Kiswahili. Alipomaliza alifunga daftari, akaenda kumsaidia mama yake dukani.

Kusahihisha kulisubiri kesho yake, na nilipomuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa fupi. "Mjomba, siku ileile nasoma nilichotaka kusema. Kesho nasoma nilichoandika." Ndiyo sababu hata mwenye akili nyingi hujipendelea. Hoja iliyopita kichwani wakati wa kuandika huonekana kama imo kwenye karatasi, na mkono hutoa alama kwa kumbukumbu. Usiku mmoja hautoshi kufuta yote, lakini unapunguza. Kilichobaki anakizuia kwa sharti moja gumu: hakuna alama bila mstari. Kila hoja ya mwongozo lazima aipigie mstari mwekundu chini ya maneno halisi kwenye jibu lake. Akikosa pa kupiga mstari, ni sifuri, hata kama anaijua hoja hiyo kama jina lake.

Lakini kabla ya kufungua mwongozo anafanya jambo ambalo sikuwahi kufundishwa. Anarudi kwenye mkasa wenyewe na kalamu ya risasi. Kila jambo lililotajwa humo analitafuta kwenye jibu lake. Likiwa limetumika analiwekea alama ya vema, lisipotumika analizungushia duara. Mtunzi wa mkasa ana nusu ukurasa tu, hapotezi neno. Jambo lililobaki bila kazi kwenye jibu mara nyingi ni hoja iliyopitwa, na unaliona hata bila mwongozo. Siku ile yalibaki manne: ekari moja ya karanga, mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, milioni 2 ambazo hazikulipwa, na mwaka 2015 wenyewe. Duara la dhahabu na mita 60 vilikuwa na vema mbilimbili.

Nilicheka nilipoona hilo la duara. Mtoto wa Chunya umpe mkasa wenye dhahabu, ataacha kila kitu akimbilie huko. Ukurasa mmoja na nusu kati ya kurasa nne ulikuwa wa madini, na ulikuwa mzuri. Alieleza kwamba mwenye ardhi si mwenye madini, kwamba madini ni mali ya Jamhuri chini ya dhamana ya Rais, kwamba mnunuzi hakutajwa kuwa na leseni, na kwamba hata mwenye leseni hachimbi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Alipofungua mwongozo alikuta madini yana alama 3. Akajipa 3 zote, kisha pembeni akaandika idadi ya mistari aliyoitumia, ili aone bei aliyolipa.

Hoja ya kwanza kwenye mwongozo ilikuwa kibali cha halmashauri ya kijiji, alama 5. Yeye aliandika: "Ardhi hii ni ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 uhamisho ulihitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Kibali hakikutolewa, kwa hiyo mauzo ni batili." Wengi tungejipa 5 na kugeuza ukurasa. Yeye alijipa 3. Sheria imetajwa, tukio limetajwa, hitimisho ni sahihi. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili. Mnunuzi hatakaa kimya. Atatoa karatasi yake yenye mhuri na kusema uongozi wa kijiji ulijua. Jibu la hoja hiyo lipo, na ni fupi: mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, lakini mjumbe mmoja si halmashauri, na mhuri wake hauwezi kuchukua nafasi ya kikao ambacho hakikufanyika. Sentensi mbili tu. Hazikuwepo, na ule mhuri aliouzungushia kwa kalamu ya risasi ulikuwa umeshamwambia hivyo.

Kipimo chake cha sababu dhaifu ni hiki. Anachukua sentensi ya hitimisho, anafunika kilichotangulia, anajiuliza mpinzani angesema nini. Kisha anafunua na kutazama kama amejibiwa. Kama mpinzani ana neno na jibu halina, hoja imeonekana ila haijajengwa. Anaitenganisha kabisa na hoja ambayo haikuonekana, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Isiyoonekana inatibiwa kwa kusoma mkasa polepole. Isiyojengwa inatibiwa kwa kuandika upya aya hiyohiyo.

Hoja ya pili ndiyo iliyonifanya niketi chini: ridhaa ya mwenza, alama 6. Kwenye jibu lake palikuwa na aya nadhifu kabisa. "Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke alikuwa Iringa, ridhaa yake haikuombwa. Lakini hapa nyumba haikuuzwa, kilichouzwa ni shamba. Kwa hiyo ridhaa ya mke haikuhitajika." Isome tena. Sheria ipo, tukio lipo, "kwa hiyo" ipo. Inapita kila kipimo cha nje, na ni mbovu.

Mwongozo ulikuwa na maneno machache tu: "Maana ya nyumba ya ndoa. Karanga." Alichukua sheria yenyewe, akafungua sehemu ya tafsiri ya maneno mwanzoni, ambako wanafunzi hawaendi. Sheria haiishii kwenye jengo wanamokaa mume na mke. Inaongeza kwamba nyumba ikiwa juu ya ardhi ya kilimo, au ikikaliwa pamoja na ardhi hiyo, basi nyumba ya ndoa inajumuisha na kipande chochote ambacho mwanandoa mmoja amemgawia mwenzake akitumie peke yake. Ile ekari ya karanga iliwekwa kwenye mkasa kwa kazi hiyo tu. Mtunzi alisema mume alimkatia, akasema hakuna mwingine aliyetia jembe, akasema nyumba iko kando ya shamba. Ni mambo matatu kwa matakwa matatu ya tafsiri: imegawiwa, ni ya mmoja, na inakwenda pamoja na nyumba.

Hapo tabia yake ya kutoharakisha ilionekana. Angeweza kuandika "nimesahau tafsiri" na kuendelea. Badala yake alijiuliza hoja hiyo inampa mama yule nini hasa. Kwanza, inalinda ekari moja, si tano. Ekari nne za tumbaku hazimo kwenye tafsiri, kwa hiyo wanandoa wakitaka zote zirudi lazima wasimame kwenye hoja ya halmashauri ya kijiji. Pili, kifungu cha 59 hakisemi tu kwamba mauzo yamekufa. Kinasema alichopata mnunuzi kinabaki chini ya haki ya mwenza ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Mwanafunzi anayeandika "batili" kila mahali anakosa tofauti hii, na wakili anayeikosa atamwahidi mteja zaidi ya anachoweza kupata. Alijipa 2 kati ya 6, moja ya kutaja kifungu na moja ya kusema ridhaa haikuombwa. Chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Neno la kawaida ndani ya sheria: soma tafsiri kwanza." Ni mstari wa namna hiyo unaobaki, maana unatumika hata kwenye mkasa usio na karanga.

Ukomo wa muda, alama 3, alipata sifuri. Hakuna mstari wa kupiga. Hesabu yenyewe ingemchukua dakika mbili. Madai ya kurudisha ardhi yana miaka 12, kwa hiyo kuanzia 2015 wanandoa wana hadi 2027, na mwaka 2024 mlango uko wazi. Madai ya mkataba yana miaka 6. Milioni 2 zilitakiwa kulipwa kabla ya mwaka 2015 kuisha, kwa hiyo mlango wa kuzidai ulifungwa mwishoni mwa 2021. Mume akitaka kushikilia mauzo na kudai salio, amechelewa. Wakitaka shamba, bado wana nafasi. Ushauri wote unageukia hapo, na tarehe zilikuwa machoni pake. Kwenye daftari ameweka kanuni ndogo: kabla ya kuandika neno lolote, chora mstari wa miaka juu ya karatasi.

Ikabaki hoja ya mahali pa kufungulia shauri, alama 3. Aliandika kwamba shauri lifunguliwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwongozo ulisema hivyohivyo, neno kwa neno. Mstari mwekundu ukapigwa, alama 3, jumla ikawa 11.

Aliona kasoro alipokuwa anaandika upya. Alitaka kuongeza jina la sheria, akaifungua, akakuta kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na Baraza la Wilaya halipokei shauri la umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Usuluhishi huo umewekewa siku 30. Mwenzake wa Iringa alikuwa ametunga mwongozo kutoka kwenye daftari la kaka yake aliyesoma zamani. Mwongozo ulikuwa sahihi kwa mwaka wake, si kwa mwaka 2024 uliotajwa kwenye mkasa. Mteja aliyepelekwa moja kwa moja Baraza la Wilaya angerudishwa mlangoni na pingamizi la awali.

Sasa ona alichofanya. Mwongozo ulimpa 3, hakuna mtu aliyekuwa anamtazama, na likizo ilikuwa inakwisha. Alifuta 3 akaweka 1, kwa kutambua baraza ambalo mwishowe litasikiliza shauri. Jumla ikashuka kutoka 11 hadi 9 kati ya 20. Kisha akamwandikia mwenzake: "Dada, shikamoo ya mbali. Namba nne ya mwongozo wako imepitwa, angalia marekebisho ya 2021." Dada akajibu kwa kicheko na kurekebisha.

Upande mwingine mwongozo ulikuwa na pengo lililomdhulumu yeye. Mwishoni mwa jibu lake palikuwa na sentensi moja kwamba mauzo yakitanguka, mnunuzi arudishiwe milioni 6 zake, kwa kuwa Sheria ya Mikataba inamtaka aliyepokea faida kwenye makubaliano yaliyobainika kuwa batili airudishe. Mwongozo haukuwa na hoja hiyo kabisa. Hakujiongezea alama, maana alama zilikwisha gawanywa, lakini aliipigia mstari kwa kalamu ya risasi na kuibakiza. Nadhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi na mwongozo ndio uliokosea. Mzee anayeambiwa "shamba linarudi" bila kuambiwa "tafuta milioni 6" atakuwa ameshauriwa nusu.

Nilimuuliza kabla ya kufungua mwongozo alidhani amepata ngapi. Akanionyesha kona ya juu ya ukurasa wa kwanza, ambako huandika makisio kila mara kabla ya kuanza: 14. Tofauti kati ya 14 na 9 ndiyo anayoifuatilia mkasa hadi mkasa, kuliko hata alama yenyewe. Ikipungua, maana yake anaanza kuona akiwa bado anaandika kile ambacho zamani alikuwa anakiona wakati wa kusahihisha tu.

Halafu haandiki jibu zima upya. Hilo, anasema, ni kujichosha na kujisifu kwa pamoja, kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Anaandika upya aya zilizoanguka tu. Ya ridhaa ya mwenza aliiandika mara ya pili kwa mistari tisa, na ninainukuu kwa kuwa ndiyo bora kwenye daftari: "Nyumba haikuuzwa, lakini hilo halimalizi hoja. Tafsiri ya nyumba ya ndoa inajumuisha ardhi ya kilimo iliyogawiwa mwenza aitumie peke yake. Ekari ya karanga iligawiwa na mume, ililimwa na mke tu, na iko kando ya nyumba wanamokaa. Mnunuzi atasema alinunua shamba, si nyumba. Jibu ni kwamba kwa ekari hii sheria haitenganishi. Kwa hiyo mauzo ya ekari hiyo yalihitaji ridhaa ya mke, ambaye alikuwa Iringa. Hoja hii haigusi ekari nne zilizobaki." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwanafunzi anayejua hoja yake inaishia wapi ameshaanza kuwa wakili.

Wapo watakaosema njia hii ni ya polepole mno, mkasa mmoja siku mbili, wakati wenzake wanapitia mitano. Ni kweli ni ya polepole. Lakini anayeandika mitano bila kusahihisha anafanya mazoezi ya makosa yaleyale mara tano, na mkono unayazoea.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa sheria mnaotungiana mikasa, Mbeya, Iringa na kwingineko. Mwongozo wowote mnaoutuma, andikeni juu kabisa mwaka wa sheria mliyoitumia.